Chumba cha kupanga Leeds, khanga mbili na pauni 40

"Shikamoo dada. Niko Leeds, mwaka wa kwanza wa masomo, nimepanga chumba kwenye nyumba tunayokaa watano. Kuta nyeupe, kapeti la kijivu, taa moja katikati ya dari, kitanda, meza na kabati. Mkataba unakataza misumari na kuwasha kitu chochote chumbani. Nilikuja na begi moja: khanga mbili za mama, mkeka mdogo, picha za nyumbani, chetezo na udi. Khanga moja nimeibandika kando ya dirisha kwa ile gundi ya bluu ya kukanda, imeshaanguka mara tatu, na nikirudi jioni chumba kinafanana na wodi. Nimebaki na pauni 40 za kupambia. Ninunue nini ili pafanane na nyumbani?"

Marahaba, mdogo wangu. Vitu vya kupambia unavyo tayari. Khanga mbili na mkeka vinatosha kabisa kwa chumba cha ukubwa huo, na nikikuona unaongeza mito, maua ya plastiki na mabango ya dukani nitasikitika, kwa sababu vitaziba vile vichache vyenye maana kwako. Kinachokusumbua ni mwanga na ukuta uliouchagua. Hizo pauni 40 zitumie hapo, na si lazima ziishe zote.

Nianze na ukuta, maana hapo pana jambo ambalo usipolijua litakuharibia khanga ya mama. Umeilaumu gundi. Gundi ile kweli ni dhaifu, lakini khanga ni kitambaa chepesi, haifiki hata nusu kilo, na ikiwa inaanguka mara kwa mara mahali palepale basi tazama ukuta wenyewe. Kando ya dirisha kwa kawaida ni ukuta wa nje, yaani upande wa pili wake ni mvua na baridi. Sehemu kubwa ya nyumba za zamani za matofali wanazopangishwa wanafunzi Leeds zina kuta zisizo na kizuizi cha maana cha baridi. Usiku unapumua, umeanika taulo nyuma ya mlango, pengine mwenzako amepika na mvuke umepanda ngazi. Hewa ya uvuguvugu inabeba maji mengi, na ikigusa sehemu ya baridi inayaacha hapo. Kwenye kioo cha dirisha unayaona asubuhi kama matone. Kwenye ukuta uliopakwa rangi huyaoni, lakini yapo, na gundi haishiki juu ya unyevu.

Sasa ukitundika kitambaa juu ya ukuta wa namna hiyo unazidisha tatizo. Khanga inazuia joto la chumba lisiufikie ukuta, kwa hiyo ukuta nyuma yake unakuwa wa baridi zaidi, na hewa yenye unyevu inapita kwenye kitambaa kirahisi tu. Maji yanakaa katikati, hapapiti upepo, hapana mwanga. Baada ya wiki chache kuvu inaota: kwanza unasikia harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, halafu vidoti vyeusi ukutani, mwisho vidoti vilevile kwenye pamba ya khanga. Vidoti hivyo vikishaingia kwenye nyuzi, huvitoi bila kuchujua rangi.

Kujua ukuta upi ni salama hakuhitaji kifaa. Asubuhi kabla hujafungua dirisha, weka mgongo wa kiganja chako kwenye kila ukuta, usawa wa kifua, uhesabu mpaka kumi. Ukuta wa ndani, ule unaopakana na chumba cha mwenzako au korido, utausikia wa kawaida. Wa nje utakunyonya joto la mkono. Khanga iende kwenye ukuta wa ndani tu. Hata kabati na kichwa cha kitanda vikiwa kwenye ukuta wa nje, visogeze kiasi cha upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma. Ukipenda uhakika zaidi, kuna vipimo vidogo vya unyevu vya pauni saba au nane. Namba ikizunguka kati ya 40 na 60 kwa mia uko pazuri. Ikipita 70 na kukaa huko siku kadhaa, acha mapambo kwanza, shughulika na kuanika nguo na kufungua dirisha.

Kati ya kuta za ndani ulizonazo, chagua ule unaouona ukiwa umelala au umekaa kitandani. Wanafunzi wengi hupamba ukuta ulio juu ya kitanda kwa sababu ndio unaotoka vizuri kwenye simu wakiwapigia watu wa nyumbani. Matokeo yake wanaopambiwa ni watu wa nyumbani, na mwenye chumba anaendelea kutazama kabati jeupe. Lala, fungua macho, uone yanatua wapi. Hapo ndipo pa khanga.

Namna ya kuitundika bila msumari ni hii. Usiibandike khanga yenyewe ukutani, si kwa gundi wala kwa utepe, maana gundi inaacha mafuta kwenye pamba na kwenye rangi ya ukuta pia. Nunua mwanzi wa bustani, ile fito nyembamba wanayosimikia nyanya, hauzidi pauni mbili. Khanga ina upana wa kama sentimita 150, kwa hiyo mwanzi uukate kwenye 160. Kisha tafuta vibanio vya pazia, vile vyenye pete juu na meno madogo chini, vipande saba. Pete zipitishe kwenye mwanzi, meno yashike pindo la juu, kimoja kila sentimita 25. Ukiweka vichache zaidi kitambaa kitalegea katikati ya vibanio na pindo litakwenda mawimbi. Usiikate wala kuishonea mfereji wa kupitishia fito. Hiyo ni khanga ya mama, siku moja utataka kujifunga. Na itundike wazi yote, pindo, mji na jina vionekane, usiikunje katikati kama pazia. Khanga iliyokunjwa inapoteza mpangilio wake, na maandishi ndiyo utakayoyasoma kila asubuhi.

Mwanzi unalala juu ya kulabu mbili za kubandika, zile ambazo gundi yake ni utepe unaovutika, ziachane kama sentimita 90 hadi mita moja. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nikueleze taratibu. Kwanza soma mkataba wako. Ukikataza misumari peke yake, sawa. Ukikataza kitu chochote cha kubandika, mwandikie mwenye nyumba ujumbe mfupi, utaje kulabu unazotaka kutumia, na jibu lake ulitunze. Pili, jaribu kulabu moja mahali pasipoonekana, nyuma ya kabati, iache wiki nzima halafu itoe. Kuta za nyumba za wanafunzi mara nyingi hupakwa rangi ya bei nafuu, safu juu ya safu, na nyingine haishiki vizuri plasta. Ukiona rangi imetoka na utepe, shukuru kwamba umejua nyuma ya kabati, na usiendelee. Kwenye ukuta wenye karatasi ya mapambo usijaribu kabisa.

Ukuta ukifaulu, ufute kwa vitambaa vya spiriti ya isopropili na uuache ukauke. Usitumie maji ya sabuni, yanaacha utando. Na usitumie ile spiriti ya kupaka ngozi inayouzwa maduka ya dawa ya Uingereza, kwa sababu huwa imechanganywa na mafuta ya nyonyo, na mafuta ndiyo adui wa gundi. Bandika kulabu, kandamiza kwa nguvu sekunde 30, kisha isubiri saa nzima kabla ya kuweka mzigo. Siku ya kuondoka, utepe unauvuta kuelekea chini, sambamba na ukuta, polepole mpaka urefuke na kuachia wenyewe. Ukiuvuta kuja kwako unabandua na rangi.

Kama rangi haikufaulu, bado una njia. Kabati refu ni ukuta uliokuja na chumba. Vibanio vikubwa vya kushikia karatasi vinaweza kushika khanga kwenye ukingo wa juu wa ubavu wa kabati, ikateremka kama bendera. Haionekani yote, lakini haigusi rangi ya mtu. Fito za springi zinazojikaza kati ya kuta mbili sikushauri kwa chumba kizima, huwa zinateleza zikiwa ndefu. Zinafaa kwenye upenyo mfupi tu, kama kando ya kabati na kona.

Tuje kwenye wodi. Taa moja ya dari inamwaga mwanga sawasawa kila pembe, na mahali pasipo na kivuli jicho halipati pa kutulia. Ukiongeza balbu yenye mwanga mweupe wa kibuluu, na kuta nyeupe za kuurudisha, ndiyo ile hali unayoisema. Nyumbani hukuwa na shida hii kwa sababu jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ukiingia ndani umeshachoka na mwanga. Leeds mwezi Desemba jua linazama kama saa kumi kasorobo alasiri. Yaani kuanzia alasiri mpaka unalala, muda wa kama saa saba au nane, chumba chako ni kile tu ambacho balbu inaamua kiwe. Ndiyo maana kwenye bajeti yako mimi naiweka taa mbele ya vitu vyote vya kununua.

Nunua taa ndogo ya mezani. Maduka ya hisani yanayouza mitumba, hasa yale makubwa yenye samani, huwa nazo kwa pauni tano hadi kumi. Angalia kama ina kibandiko cha kuonyesha kuwa imekaguliwa umeme. Kama haina, au waya umechubuka, iache. Chukua yenye kofia ya kitambaa au karatasi, si ile ya chuma ya kusomea inayochoma sehemu moja. Balbu iwe ya LED, na kwenye boksi utafute namba 2700K. Namba hiyo inaeleza rangi ya mwanga: ikiwa ndogo mwanga unaelekea manjano ya kandili, ikipanda mpaka 4000K au 6500K unaelekea mwanga wa duka la dawa. Lumeni 470 zinatosha kwa taa ya pembeni. Kabla hujalipa, tazama na kitako, kwa sababu Uingereza utakuta B22, chenye visiki viwili vya kuchomeka na kuzungusha, na E27 cha kuzungusha kama parafujo. Balbu isiyoingia kwenye taa yako ni pauni tatu zilizopotea.

Taa usiiweke juu ya kabati. Iwe chini kuliko macho yako ukiwa umekaa, juu ya kijimeza au hata boksi imara, karibu na ukuta wa khanga, ili mwanga upande juu ya kitambaa kutoka pembeni. Nyekundu, chungwa na manjano ya khanga zitaurudisha mwanga chumbani ukiwa umepata rangi, na kuta nyeupe zilizobaki zitaubeba. Usiku huo uzime kabisa taa ya dari. Ukifanya hili peke yake, kabla ya kutundika chochote, utaona chumba kimebadilika.

Mkeka umekuja umekunjwa na bila shaka unajikunja ncha. Ufute upande wa chini kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, utandaze, uwekee vitabu kwenye kona usiku mmoja, kisha usubiri ukauke kabisa kabla ya kuulaza kwenye kapeti. Ukindu ukikauka sana karibu na hita unavunjika kwenye mikunjo, na ukilala juu ya kapeti lenye unyevu unaota kuvu chini bila wewe kujua. Kwa hiyo uwe mbali na hita, na kila wiki unaponyanyua kufagia uuguse kwa chini. Mimi ningeuweka mbele ya ukuta wa khanga, na taa ubavuni. Vitu vyote vya nyumbani vikae upande huo mmoja: picha zisimamishwe juu ya kijimeza zikiegemea ukuta, chetezo kando yake. Ukivisambaza, khanga huku, picha kule, chetezo dirishani, kila kimoja kitamezwa na ukuta mweupe. Vikikaa pamoja vinafanya mahali pa kukaa, na ule upande mwingine wa chumba unaweza kubaki wazi bila kukuudhi. Khanga ya pili itandike juu ya kitanda mchana, uiondoe usiku. Ukifua ya kwanza, hii inashika zamu ukutani. Picha za asili usiziweke kwenye jua la dirisha. Chapisha nakala na utumie hizo.

Hesabu yake kwa makadirio: taa pauni nane, balbu tatu, mwanzi mbili, vibanio pauni nne, kulabu na vitambaa vya spiriti saba, kipimo cha unyevu nane. Jumla ni 32. Nane zilizobaki nunua kitambaa cha kuwekea kijimeza ukitaka, au ziache mfukoni.

Udi sasa. Najua hili linauma, maana harufu ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani haraka kuliko rangi. Lakini usiwashe chetezo chumbani, hata dirisha likiwa wazi, hata mara moja siku ya Idi. Alamu za moshi kwenye nyumba za kupanga watu wengi mara nyingi zimeunganishwa, moja ikilia zinalia zote, na wenzako wanne watatoka nje usiku wa baridi. Hatari kubwa zaidi ni mkaa wenyewe, kwa sababu unatoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi kinaweza kuua mtu. Wapo wanaofunika alamu kwa kofia ya plastiki ili wafukize. Ukimwona mwenzako anafanya hivyo, mwambie aitoe siku hiyohiyo. Vyetezo vya umeme havina mkaa, ila moshi ni uleule, na mkataba wako pia ni uleule.

Unachoweza kufanya ni kufukiza kitambaa badala ya chumba. Mwombe mama afukize khanga nyingine kama anavyofukiza nguo za harusi, aikunje ikiwa bado na joto, aitie kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga vizuri, aikabidhi kwa mtu anayekuja. Pamba inashika udi kwa wiki nyingi. Ukiitandika kitandani, joto la mwili wako litaitoa harufu kidogokidogo kila usiku. Huku kwako, vipande vya udi ambavyo havijawashwa na karafuu kiasi cha kiganja, ndani ya kijimfuko cha kitambaa kwenye droo ya nguo, vinatosha kukupa harufu kila unapofungua. Mafuta ya udi tia tone kwenye pamba, usitie kwenye khanga, yanaacha doa. Kuchemsha mdalasini na iliki jikoni kunapendeza, lakini kunaongeza mvuke ndani ya nyumba, kwa hiyo fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango wako.

Mwisho kuna mambo ambayo mimi siwezi kukutengenezea kwa kuandika. Ukikuta vidoti vyeusi tayari vipo ukutani, usivifunike kwa khanga wala kuvipaka rangi. Vipige picha zenye tarehe, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, na nenda na picha hizo kwenye ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi wa chuo chako. Wanaijua sheria ya nyumba ya England kuliko jirani yeyote, na mwenye nyumba akinyamaza watakuelekeza idara ya afya ya mazingira ya halmashauri. Ukianza kukohoa usiku au kifua kubana, nenda kwa daktari uliyejiandikisha kwake, na umwambie kuhusu kuvu. Na kama baada ya kupanga chumba bado unakaa wiki nzima bila usingizi, huli, au hutaki kutoka hata kwenda darasani, taa haitatibu hilo. Chuo kina washauri wa wanafunzi, waone ana kwa ana.

Yale madoa ya gundi ya bluu uliyokwisha kuyaacha kando ya dirisha, usiyasugue kwa maji ya moto, yatasambaa. Toa mabaki kwa kugandamiza donge la gundi hiyohiyo na kulivuta, kisha yapige picha yalivyo. Linganisha na orodha ya hali ya chumba uliyosaini ulipoingia. Kuchakaa kwa kawaida hakukatwi kwenye amana, lakini doa la mafuta ukutani mara nyingi huhesabiwa kuwa uharibifu. Kwa hiyo muulize mwenye nyumba mapema rangi ya ukuta inaitwaje na kama anakuruhusu upake mwenyewe mahali hapo. Hakikisha pia amana yako imesajiliwa kwenye mfuko wa kulinda amana. Sheria inampa mwenye nyumba siku 30 tangu aipokee, na kama hujapata karatasi yake, hilo nalo lipeleke kwa wale washauri wa umoja wa wanafunzi.